"Watoto watachagua wenyewe wakikua": Mkatoliki wa Kibosho na mchumba Muislamu wa Tanga

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 31, Mchagga wa Kibosho, Mkatoliki wa kuzaliwa. Nauza dawa kwenye famasi hapa Dar es Salaam. Mchumba wangu ni Mdigo wa Tanga, Muislamu wa swala tano. Tuna miaka mitatu pamoja na hajawahi kuniambia nibadili dini, wala mimi sijamwambia.

Mambo yameanza tulipozijulisha familia. Baba hataki hata kusikia habari za kusilimu. Mama kila akipiga simu ananiuliza swali moja tu: "Na utazikwa wapi?" Mama yake mchumba wangu ananipenda, hilo nalijua, lakini anasema ndoa haiwezi kufungwa mpaka nisilimu. Wifi zangu wamenivuta pembeni wakaniambia, "Silimu ya mdomo tu, ndoa ifungwe, mkirudi Dar nani atakufuata?"

Sisi wawili tukaamua tukafunge bomani, tusimuudhi mtu, na watoto wachague dini wenyewe wakifika miaka 18. Nikaona yamekwisha. Juzi tuko Tanga, mama yake akauliza mtoto akizaliwa ataitwa nani, na ataongea Kidigo au Kichagga. Mchumba wangu akajibu haraka, "Kwani mtoto wangu ataitwaje kama si jina la Kiislamu?" Nilinyamaza. Njiani nikamuuliza, akasema jina si dini, mbona nakuza mambo. Sasa sijui yeye ndiye amebadilika au mimi ndiye sikuwa nimemsikia tangu mwanzo. Posa inakwenda Kibosho Desemba. Nifanyeje?

Bibi Harusi Mtarajiwa, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Sidhani kama mchumba wako amebadilika. Nadhani alijibu bila kufikiri, na hapo ndipo pa kuangalia. Kwa mtu aliyekulia Tanga, jina la Kiislamu kwa mtoto si uamuzi ambao mtu hukaa chini akaufanya. Ni jambo lililopo tu. Na wewe unayo ya namna hiyo. Ulipomwaza mtoto wako wa kwanza, hebu sema kweli, ulimwona akifika darasa la kwanza hajabatizwa? Kama hukumwona hivyo, basi nyote wawili mlikubaliana kuhusu miaka 18 huku kila mmoja akiwa na mtoto wake kichwani.

Nataka nikae hapo kwenye "watachagua wenyewe", kwa sababu ni makubaliano ninayoyasikia sana kwa wachumba wa dini mbili, na mara nyingi yanavunjika bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Hebu tumfuate huyo mtoto.

Kazaliwa, tuseme wa kiume. Siku ya saba, kwa Waislamu, ndiyo siku inayopendelewa kwa akika: mtoto anapewa jina, ananyolewa nywele, wanachinjwa mbuzi wawili, au mmoja mtoto akiwa wa kike. Bibi wa Tanga hatasubiri miaka 18 kwa jambo hilo. Atakuwa ameshanunua mbuzi. Upande wa pili, Kanisa Katoliki linawataka wazazi wambatize mtoto katika majuma ya mwanzo, na bibi wa Kibosho atataka kujua mapema msimamizi wa ubatizo ni nani. Kwa hiyo kabla wewe hujamaliza arobaini yako ya uzazi, kuna mambo mawili yanakungoja, na ukinyamaza kwa yote mawili, lile lenye bibi aliye karibu zaidi ndilo litakalofanyika.

Tohara haitawasumbua, maana Wachagga na Wadigo wote wanatahiri. Tuiache.

Akifika miaka minne au mitano, watoto wenzake mtaani wanakwenda chuoni jioni, wamebeba juzuu zao. Babake ataona ni kawaida aende, angalau ajue kusoma. Halafu anaanza shule, na hapa ndipo wazazi wengi hushtuka. Shule zetu zina kipindi cha dini. Siku ya kipindi, watoto wa Kiislamu wanakwenda kwa ustadhi, wa Kikristo wanakwenda kwa katekista au mwalimu wao. Mtoto wa miaka saba anasimama mlangoni, mwalimu anamuuliza, "Wewe uende wapi?" Hawezi kumjibu kwamba kwao wamekubaliana asubiri afike 18. Ataangalia jina lake, au atamfuata rafiki yake. Kisha mafundisho ya Komunyo ya Kwanza yanakuja akiwa bado yuko shule ya msingi, na Ramadhani inakuja kila mwaka.

Sisemi haiwezekani. Zipo nyumba hapa Dar ambazo mtoto anamsindikiza mama kanisani Jumapili na anafuturu na baba Ramadhani, na amekua vizuri. Ila ukiwauliza wazazi wake, utakuta hawakumwacha achague. Walikubaliana mapema kabisa huyu mtoto shuleni anasimama mstari upi, jina lake nani, akika ipo au haipo, ubatizo upo au haupo, kisha wakawaeleza bibi na babu kwa kauli moja. Wengine walimlea katika dini moja na kumfundisha kuiheshimu ya pili, na hilo nalo lina gharama yake, kwa sababu mzazi mmoja anakuwa amekubali kupoteza kitu. Gharama hiyo inavumilika zaidi kama aliyeilipa alijua anailipa.

Kwenye jina, nadhani mnaweza kupata nafuu. Mariamu, Yusufu, Daudi, Ibrahimu, Sara, Suleimani ni majina yenu nyote. Tanga atakuwa Mariamu na Kibosho atakuwa Mariamu. Ni kweli jina si dini, kama alivyosema mwenzio. Lakini kama si dini, basi na lako liwekwe mezani pamoja na lake, mchague kwa pamoja. Mwambie hivyo hivyo, bila hasira, uone atasemaje.

Sasa turudi bomani. Unaona kama hapo ni mahali pa katikati, pasipomuudhi mtu. Kisheria ni njia nzuri na iko wazi kwenu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu watu wa dini mbili kuoana kiserikali. Mnatoa taarifa ya kusudio la kuoana siku 21 kabla, msajili wa wilaya anaitangaza, asipopatikana mwenye pingamizi la kisheria mnafungishwa. Kwa umri wenu hakuna anayehitaji kibali cha mzazi, na ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijatolewa. Kwa hiyo baba hawezi kuizuia ndoa. Anachoweza kuzuia ni baraka zake, na hizo wewe mwenyewe unajua zina uzito gani.

Ila boma si pa katikati mbele ya dini zenu. Mkatoliki akifunga ndoa bomani bila ruhusa ya askofu, Kanisa haliitambui ndoa hiyo, na hataweza kupokea Komunyo. Je, hilo umeliwaza? Kama unakwenda misa kila Jumapili, utaanza kubaki kwenye benchi wenzako wakipanga mstari. Wapo wanaolizoea, na wapo ambao baada ya miaka miwili wanamwona mume kama ndiye aliyewanyima, ingawa yeye hakujua kabisa.

Njia ipo. Kwa Mkatoliki anayeoana na asiyebatizwa, kuna kizuizi kinachoitwa tofauti ya dini, na askofu anaweza kukiondoa. Unaanza kwa paroko wako, anajaza fomu, anazungumza nanyi wawili. Askofu anaweza pia kuruhusu ndoa isifungwe kwa taratibu za kawaida za Kanisa, hata ikafungwa kiserikali. Lakini sikiliza sharti lake. Wewe utaahidi kwamba utailinda imani yako, na kwamba utafanya yote yaliyo ndani ya uwezo wako watoto wote wabatizwe na walelewe Kikatoliki. Mwenzio hatakiwi kuahidi chochote. Anajulishwa tu kwamba wewe umeahidi. Upande wake nako, mafundisho aliyokulia yanasema mtoto wa baba Muislamu ni Muislamu. Unaona sasa kwa nini nimeanza na mtoto? Hayo makubaliano yenu ya miaka 18 hayapo kwenye nyumba yoyote kati ya hizo mbili. Kila mlango mtakaoubisha, swali la kwanza litakuwa hilo mlilolisogeza mbele.

Na msidhani mtafunga mara mbili, kanisani asubuhi na nikaha jioni, ili wote wafurahi. Kanisa linapotoa ruhusa hiyo linakataza ibada nyingine ya kidini ya kutoa ridhaa ya ndoa, iwe kabla au baada.

Kuhusu kusilimu, kwanza ujue kwamba anachokisema mama mkwe si kauli pekee ndani ya Uislamu. Suratul Maida, aya ya 5, inamruhusu mwanamume Muislamu kumuoa mwanamke mwema katika waliopewa Kitabu, naye akabaki na dini yake. Kinachowachanganya watu ni kwamba masheikh wetu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na ndani ya madhehebu hayo kuna masharti makali zaidi kuhusu nani hasa anahesabiwa kuwa Ahlul Kitabi. Ndiyo maana sheikh mmoja atawafungisha na wa mtaa wa pili atakwambia usilimu kwanza. Kwa hiyo inawezekana mama hakukatai wewe, anarudia alichofundishwa. Mchumba wako ndiye wa kulipeleka swali hili kwa sheikh anayemwamini, na la nani atakuwa walii wako wa kukuozesha alibebe papo hapo. Si kazi yako wewe kubishana fikihi na mama mkwe jikoni.

Ushauri wa wifi zako umetolewa kwa upendo, ila mimi unanitia hofu. Hiyo "ya mdomo tu" inakwenda na jina jipya, na watu waliokushuhudia ukitamka shahada. Kwa Waislamu, kuingia kisha kutoka ni jambo zito kuliko kutoingia kabisa. Mama aliyekushangilia siku ile ndiye atakayeumia zaidi akisikia umeonekana misa ya pili, na atakuwa na haki ya kuumia. Kama ipo siku moyo wako utaupenda Uislamu wenyewe, hilo ni jambo jingine kabisa, na baba yako itabidi alipokee kama uamuzi wa mtu mzima.

Kuna na makaratasi, ambayo wachumba hawapendi kuyazungumza.

Sheria yetu inachukulia kwamba ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila ni ya wake wengi au inaweza kuwa hivyo, na nyingine zote ni za mke mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mkienda kwa nikaha, hata kama mchumba wako anaapa hataoa tena, cheti kinafungua mlango ambao yeye anasema hataupita. Mkienda bomani, lisemeni wazi na mhakikishe cheti kimeandikwaje kabla hamjatia saini.

Lingine ni mirathi. Akifariki Muislamu aliyeishi Kiislamu, mahakama zetu kwa kawaida hugawa mali yake kwa sheria ya Kiislamu, na kwa sheria hiyo mke asiye Muislamu hana fungu la urithi, hata awe ameishi naye miaka 30 na kumzalia watoto watano. Watoto Waislamu watarithi, na mama mkwe atarithi. Wewe hapana. Na huyo aliyesilimu kwa mdomo asidhani amepona, maana ndugu wanaweza kuhoji kama siku ya kifo alikuwa Muislamu kweli.

Hili halina haja ya kuwa chanzo cha ugomvi, kwa sababu Uislamu wenyewe umeacha nafasi. Mume anaweza kumwandikia wasia mke asiye mrithi, usiozidi theluthi moja ya mali yake. Anaweza kumpa hiba akiwa hai, na hiba ikishakabidhiwa ni yake. Na mnaweza kumiliki kwa pamoja. Tuseme mnanunua kiwanja Kibaha, wewe unatoa milioni nne na yeye sita. Kikiandikwa jina lake peke yake, siku ya msiba utakuwa unatafuta risiti na mashahidi. Kikiandikwa majina mawili kama umiliki wa pamoja usiogawanyika, anayebaki hai anabaki na chote. Mkiandika kila mmoja na hisa yake, hisa yako haiguswi, ya kwake ndiyo inayokwenda kwenye mirathi. Mwambieni wakili aandike mnayoitaka, kwa sababu hizo ni namna mbili tofauti na kwenye hati hutofautiana kwa maneno machache tu. Mwanamume anayekupenda hatakasirika ukimuuliza hili. Akikasirika, mpe siku mbili tatu umuulize tena kabla hujahukumu.

La lugha nitalipita haraka. Mtoto atakayekulia Dar ataongea Kiswahili, hata mkikesha mnabishana. Kidigo ataongea kama yupo mtu anayemsemesha Kidigo kila siku, na Kikibosho vivyo hivyo. Mkitaka kweli, kila mzazi azungumze cha kwao na mtoto tangu anyonye, na likizo ndefu apelekwe kwa bibi mmoja mwaka huu na kwa mwingine mwaka ujao. Mama mkwe akiuliza tena, mjibu kwamba utafurahi akimfundisha yeye. Swali lake huenda lilikuwa hilo tu: je, huyu mjukuu nitaongea naye?

Sikukuu nazo zina njia, ila zinataka kupangwa. Desemba mnapanda Moshi kama Wachagga wote, na huko kuna mbege na kuna kitimoto. Zungumza na mama yako kabla, mbuzi wa wageni achinjwe na Muislamu, sufuria zao ziwe mbali na za kitimoto, na asiwepo mjomba wa kumtania mkwe kwa kumsukumia kata ya mbege. Yeye naye akutafutie namna Ramadhani: wewe hufungi, je, kwa mama yake utakula wapi mchana bila kuonekana unadharau? Mambo haya madogo ndiyo yanayowachosha watu wakiachwa yajitatue.

Umeniuliza ufanyeje kuhusu posa. Siwezi kukwambia olewa au usiolewe. Hayo ni yenu. Ninachokiona ni kwamba mna njia kadhaa na kila moja ina anayelipa. Bomani bila ruhusa ya askofu, unalipa wewe kanisani. Kwa ruhusa ya askofu, unaahidi jambo kuhusu watoto ambalo mwenzio lazima alijue kabla, si baada, na familia yake itaona imepoteza. Nikaha bila kusilimu, baba yako ataumia, Kanisa halitaitambua, na cheti ndicho hicho nilichokueleza. Kuahirisha posa nako ni njia, na kwenu hakuna aibu kubwa kama mshenga akitumwa mapema kuomba muda. Aibu ni kuahirisha watu wameshapika.

Kama ningekuwa mimi, kabla ya Desemba ningemkalisha mchumba wangu mahali pasipo na ndugu, nikamuuliza maswali ya huyo mtoto kwa mpangilio wake: siku ya saba, ubatizo, chuo, kipindi cha dini. Si kwa kumtega. Mwambie na wewe utajibu kila swali, na mpokezane nani ajibu kwanza. Mkifika mahali mmoja hawezi kusogea, andikeni kwamba hapo hamjakubaliana, msipaparamie kupatana. Mkishajua mlipo, nendeni wote wawili kwa paroko, na wote wawili kwa sheikh, mkawasikie kwa masikio yenu badala ya kuletewa habari.

Na swali la mama yako usilipuuze, ingawa linasikika kama la kukutisha. Desturi kwa Wachagga mke huzikwa kwa mumewe, na makaburi ya Waislamu Tanga hayatampokea Mkristo. Anakuuliza kama utakuwa na kwenu. Lina majibu: Kibosho kwenye kihamba, kama baba na kaka zako wataridhia, au makaburi ya parokia, au ya jiji hapa Dar. Waulize kaka zako sasa, wakiwa na afya na utani, kisha umpigie mama umpe jibu lenye mahali.